Kabla ya kuandika --no-verify

Mstari wa mwisho huwa ni huu:

```
error: failed to push some refs to 'git@seva.example:risiti.git'
```

Ndio unaosomwa kwanza, kwa sababu uko chini kabisa ya dirisha, jirani na pale unapoandika amri inayofuata. Lakini hauelezi karibu chochote. Unasema tu kwamba kazi uliyotaka kuipeleka kwenye seva haikufika. Aliyeizuia ni nani, na kwa sababu gani, hayo yameandikwa juu yake, wakati mwingine mistari mia moja juu yake, na mtu mwenye haraka hapandi huko. Anarudia amri yake na kuongeza neno moja, `--no-verify`, anabonyeza, na kazi inapita.

Kuna siku kufanya hivyo ni sawa kabisa. Kuna siku nyingine ambapo neno hilo linawafikishia wateja hitilafu ambayo laptopu yako ndiyo pekee iliyoweza kuiona. Siku hizo mbili zinatofautishwa na ile mistari ambayo haikusomwa.

Kwa asiyeandika programu: Git ni programu ya kutunza historia ya mafaili, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Kila hatua ya kazi huhifadhiwa kama komiti kwenye kompyuta ya mwandishi mwenyewe, kisha kwa amri ya `git push` komiti hizo husukumwa hadi kwenye seva ambako wenzake wanazipata. Tangu toleo la 1.8.2 la mwaka 2013, Git inakuruhusu kuweka skripti inayoitwa `pre-push` ndani ya folda ya `.git/hooks`. Unaposukuma, Git huwasiliana kwanza na seva ili kujua ina nini, halafu kabla ya kutuma chochote huiendesha skripti hiyo. Ndani yake mna lolote ambalo timu imeona linafaa: kuendesha majaribio, kutafuta nywila zilizosahaulika ndani ya mafaili, kukagua mtindo wa uandishi. Git haijali yaliyomo. Inasubiri namba moja tu skripti inapomaliza. Ikiwa 0, safari inaendelea. Ikiwa namba nyingine yoyote, safari inakatishwa, na komiti zako zinabaki salama kwenye kompyuta yako kama zilivyokuwa. Hakuna kilichopotea, na hakuna nusu ya kazi iliyokwama njiani.

Jambo la kwanza la kutazama, basi, ni kama kweli ni skripti yako iliyokataa. Ule mstari wa mwisho hutokea pia seva inapokataa, kwa maneno yale yale. Seva ikikataa, utaona mstari mwingine juu yake wenye alama ya mshangao, kama `! [rejected]`, yaani wenzako wamesukuma kabla yako na huna kazi yao, au `! [remote rejected]`, yaani seva ina masharti yake. Katika hali hizo `--no-verify` haikusaidii kitu, kwa sababu inanyamazisha skripti ya kwenye kompyuta yako tu. Kama alama hiyo haipo, na juu ya kosa kuna maneno ya majaribio au ya ukaguzi, basi aliyekuzuia yuko hapo hapo kwenye laptopu.

Jambo la pili ni ile namba. Zana nyingi zinazosimamia skripti hizi huiandika waziwazi. Namba 1 kwa kawaida inamaanisha ukaguzi umefanyika na umekuta kasoro. Namba 127 ni habari tofauti kabisa: amri iliyotakiwa haikupatikana, kwa hiyo hakuna kilichokaguliwa. Hii huwapata sana wanaosukuma kwa kubofya kitufe ndani ya programu yenye madirisha badala ya kuandika amri, kwa sababu programu hiyo haijui njia za folda ambazo terminali yako inazijua. Namba 137 mara nyingi ni mfumo umeiua kazi kwa nguvu kwa kukosa kumbukumbu, jambo la kawaida kwenye mashine ndogo iliyofungua kivinjari chenye kurasa nyingi. Anayesoma 127 kama vile ni 1 ataanza kutafuta kosa kwenye msimbo wake, na hatalipata kamwe.

Sasa tuchukue kisa cha mfano na tukifuate hadi mwisho. Kuna programu ya risiti za maduka, imeandikwa kwa Python, na watumiaji wake wako Dar es Salaam na Nairobi. Msanidi mmoja ameongeza namba ya simu ya duka chini ya risiti. Ni saa saba kasoro dakika ishirini usiku. Anasukuma tawi lake, na skripti inamjibu hivi:

```
siri.....................................Passed
pytest...................................Failed
- hook id: pytest
- exit code: 1

FAILED tests/test_risiti.py::test_tarehe_ya_leo
  AssertionError: assert '2025-03-14' == '2025-03-15'
1 failed, 212 passed in 48.31s
```

Mchana ule ule majaribio yote yalipita. Namba ya simu haina uhusiano wowote na tarehe. Kishawishi cha kusema "hili si langu" na kuruka ni kikubwa, na kwa kweli nusu ya kauli hiyo ni sahihi. Lakini tusome kwanza.

Mstari wa mwisho una hesabu, na hesabu hiyo ina maana: majaribio 212 yamepita, moja limeanguka, kwa hiyo yote 213 yaliendeshwa. Hili si la kuchukuliwa hivi hivi. Timu nyingi huiwekea pytest alama ya `-x`, inayoifanya isimame kwenye kosa la kwanza. Hapo ungeona `1 failed, 90 passed`, na yale 122 yaliyobaki hujui habari zake. Anayeruka ukaguzi katika hali hiyo anadhani ameruka kosa moja analolijua, kumbe ameruka pia mengine 122 ambayo hayajaguswa.

Hatua inayofuata ni kuliendesha jaribio hilo peke yake. Likipita mara ya pili bila kubadilisha chochote, unaanza kushuku mtandao, au majaribio yanayoingiliana. Hapa linaanguka tena, vile vile. Kisha unauliza kama kosa lilikuwepo kabla ya kazi yako, na swali hilo lina jibu la uhakika. Unafungua nakala safi ya tawi kuu pembeni, bila kugusa folda unayofanyia kazi:

```
git worktree add ../safi origin/main
cd ../safi
pytest tests/test_risiti.py::test_tarehe_ya_leo
```

Nakala hiyo ya pembeni ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Skripti ya `pre-push`, isipokuwa imeandikwa kwa uangalifu, haikagui komiti zinazosafiri. Inakagua mafaili yaliyolala kwenye folda yako wakati huo. Kama kuna faili jipya ulilosahau kuliingiza kwenye komiti, majaribio yatalikuta hapo na yatapita, kisha yataanguka kwa kila mtu mwingine. Kinyume chake pia hutokea: komiti zako ni nzima, lakini umeacha faili ulilolibomoa nusu kwa ajili ya kazi ya kesho, na skripti inakuzuia kwa sababu ya kitu ambacho hata hukukusudia kukituma. Amri ya `git status` inakuonyesha yote mawili kwa sekunde moja, na ndiyo ninayoianza mimi kabla ya nyingine yoyote. (Tahadhari moja kwa watumiaji wa Python: kama programu yako ilisakinishwa kwa `pip install -e`, majaribio ya kwenye nakala safi yanaweza kuendelea kusoma msimbo wa folda ya zamani. Hakikisha kinachosomwa ni kipi.)

Katika kisa chetu, nakala safi nayo inaanguka. Kwa hiyo namba ya simu haina hatia. Wengi husimama hapa, na hapa ndipo wanapokosea, kwa sababu swali la "ni langu?" limejibiwa lakini swali la "ni kweli?" bado. Tazama tena zile tarehe mbili. Programu inasema tarehe 14, jaribio linasema 15. Ukutani ni saa saba kasoro dakika ishirini usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 15 Machi. Jaribio ndilo linalosema kweli. Ukifungua msimbo unakuta hivi:

```python
def tarehe_ya_risiti():
    return datetime.utcnow().date().isoformat()
```

`utcnow` inatoa saa ya UTC, ile saa ya dunia inayotumiwa na mitambo. Afrika Mashariki iko mbele yake kwa saa tatu. Kila usiku, kuanzia saa sita hadi saa tisa, kalenda yetu imeshageuka lakini ya UTC bado iko jana. Kwa muda huo wote programu inaandika risiti zenye tarehe ya jana. Duka linalofunga saa tatu usiku halitaliona kamwe. Baa, duka la dawa linalokesha na kituo cha mafuta wataliona kila siku, na usiku wa kuamkia tarehe mosi mauzo ya mwezi mpya yataingia kwenye hesabu ya VAT ya mwezi uliopita.

Sasa tunafika kwenye uamuzi. Hoja ya kawaida ya kuruka ni kwamba hata hivyo seva ya majaribio itarudia kila kitu kabla tawi halijaunganishwa. Mara nyingi hoja hiyo ni nzuri, na mimi naikubali: skripti ya laptopu ni msaada wa kukuwahisha habari, na yeyote anaweza kuiruka au hata kutokuwa nayo, kwa sababu Git hainakili folda ya `.git/hooks` mtu anapochukua mradi kwa `git clone`. Kizuizi chenye nguvu kinapaswa kuwa kwenye seva. Lakini hoja hiyo inasimama tu ikiwa seva inakagua kitu kile kile, katika mazingira yanayoweza kuliona kosa lile lile. Mashine za majaribio za kukodi, zile za GitHub Actions zikiwemo, huishi kwenye saa za UTC. Kwenye mashine hiyo "leo" ya jaribio na "leo" ya programu ni siku moja, saa zote 24. Jaribio hili litapita huko leo, kesho na mwaka ujao. Unaweza kujithibitishia kwenye laptopu yako ya Linux au Mac usiku huo huo:

```
TZ=UTC pytest tests/test_risiti.py
TZ=Africa/Nairobi pytest tests/test_risiti.py
```

La kwanza linapita, la pili linaanguka. Maana yake ni kwamba laptopu ya mtu aliyeko Dar es Salaam, akisukuma kazi baada ya saa sita usiku, ndiyo mlinzi pekee wa kosa hili katika mradi mzima. Tena ni mlinzi wa saa tatu tu. Asubuhi jaribio litapita lenyewe, mtu atasema lilikuwa na kigeugeu, na kosa litaendelea kuandika risiti za jana.

Je, msanidi wetu anaweza kuruka usiku ule? Naona anaweza. Kosa liko tayari kwenye tawi kuu, kazi yake hailiongezi wala hailikuzi. Anasukuma kwenye tawi lake, si kwenye lile linalopelekwa moja kwa moja kwa wateja. Majaribio mengine 212 ameyaona yakipita kwa macho yake. Anachotakiwa ni kuacha maandishi: kwenye ombi la kuunganisha aseme ameruka jaribio gani, saa ngapi, kwa nini, na afungue taarifa ya hitilafu yenye zile tarehe mbili na zile amri mbili za `TZ`. Bila maandishi hayo, ujuzi wote alioupata unaisha anapofunga laptopu.

Na asiruke zaidi ya anachokijua. `--no-verify` inazima skripti nzima, ikiwemo ule ukaguzi wa siri uliokuwa umepita vizuri. Mradi huu unatumia zana inayoitwa pre-commit, ambayo inaruhusu kutaja ukaguzi mmoja tu wa kurukwa:

```
SKIP=pytest git push
```

Ukaguzi wa siri unabaki kazini. Kuna mtego mdogo kwa waliozoea njia za mkato: `git commit -n` inaruka ukaguzi wa komiti, lakini `git push -n` ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni `--dry-run`, mazoezi matupu yasiyotuma chochote. Nimeona watu wakilala wakiamini kazi imefika, kumbe haijaondoka.

Dawa ya kosa lenyewe ni fupi, ila ina kona moja. Ukibadilisha programu itumie `datetime.now(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))` na kuliacha jaribio lilinganishe na `date.today()`, kosa linahamia upande wa pili: sasa mashine ya UTC ndiyo itakayoanguka, kila siku kwa saa zile zile tatu. Jaribio zuri halitazami saa ya ukutani kabisa. Linaipa programu wakati maalumu, tuseme tarehe 14 Machi saa 21:40 kwa UTC, na kudai jibu liwe tarehe 15. Jaribio hilo linasema kweli popote na wakati wowote, na hapo hoja ya "seva itakagua" inarudi kuwa na uzito.

Ziko hali nyepesi zaidi ambazo hazihitaji upelelezi huu wote. Skripti iliyokufa kwa 127 haijakagua chochote, na kama umeyaendesha majaribio kwa mkono na yakapita, kuiruka ni haki yako huku ukiirekebisha. Laptopu inayozima betri wakati umeme umekatika, na kazi ya siku mbili iko humo tu: sukuma tawi lako lenye maandishi "haijakamilika", hakuna anayelijenga wala kulitumia. Skripti inayochukua dakika kumi na tano nayo ina kasoro yake ya pekee, kwa sababu Git imeshafungua mawasiliano na seva kabla ya kuiendesha. Seva inaweza kuchoka kusubiri na kukata laini, ukaona majaribio yote yamepita na bado kazi haikufika. Hapo tatizo ni urefu wa skripti, na dawa ni kuhamishia majaribio mazito kwenye seva, kabla watu hawajazoea kuruka kila siku.

Lakini aina mbili za ukaguzi sizirukii, hata kwenye tawi la mtu binafsi. Ya kwanza ni ule unaotafuta funguo za siri. Jaribio lililoanguka linaweza kurekebishwa kwa komiti ya kesho. Ufunguo wa akaunti ya malipo ukishafika kwenye seva umeshafika. Kuufuta kwenye komiti inayofuata kunauacha ndani ya historia, na kwenye mradi wa wazi kuna programu zinazopekua komiti mpya muda wote kutafuta vitu hivyo. Njia pekee hapo ni kuufuta ufunguo kule ulikotolewa na kuomba mwingine. Kama ukaguzi umekosea, umeona namba ya mfano ukaidhani ni ya kweli, zana nyingi zina faili la kuorodhesha mambo yaliyoruhusiwa. Andika humo, ili mwenzako aone na akubali au akatae.

Ya pili inawashtua wengi, kwa sababu haionekani kama ukaguzi. Miradi yenye picha kubwa, video au data nzito hutumia Git LFS. Hiyo huhifadhi mafaili makubwa mahali pengine, na ndani ya komiti huacha kijifaili cha mistari michache kinachoelekeza yalipo. Kazi ya kuyapakia mafaili makubwa yenyewe inafanywa na skripti ya `pre-push`. Ukiandika `--no-verify`, vielekezi vinaondoka na mafaili yanabaki. GitHub itakataa na kukuonyesha kosa `GH008`, likisema umetaja vitu vya LFS visivyojulikana. Seva isiyo na ukaguzi huo itapokea kimya kimya, na mwenzako atakapochukua mradi atapata vielekezi vinavyoonyesha mahali patupu. Amri ya `git lfs push --all origin` inapeleka vilivyosahaulika, lakini ni lazima iendeshwe kwenye kompyuta yenye mafaili yenyewe, ambayo katika hali hii ni ya yule aliyeruka na hakuna nyingine.